Saurashtra wakati wa mvua: safari ya kuuliza habari za ng'ombe na za jiko lisilo na nyama

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Mombasa, kwa kufuata daftari langu na picha nilizopiga njiani. Nilikwenda Saurashtra, rasi ya magharibi mwa jimbo la Gujarat nchini India, ambako ndiko asili ya familia nyingi za Wahindi wa pwani yetu. Nilichukua maswali mawili ambayo huku kwetu huulizwa kama swali moja: kwa nini Wahindu wanamheshimu ng'ombe, na kwa nini wengi wao hawali nyama. Nilipokuwa narudi nilikwisha kuamini kwamba hayo ni mambo mawili yenye historia mbili tofauti, na kwamba asiyeyatenganisha hawezi kuelewa lolote kati yake.

Jumapili, Ahmedabad

Mvua ilikuwa inanyesha tulipotua, na foleni ya uhamiaji ilikula asubuhi yote. Msafiri anayetoka Kenya asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani niliombwa kabla hata ya pasipoti.

Mchana niliingia katika mkahawa wa kawaida karibu na stesheni na kula sinia ya Kigujarati kwa rupia 250: dengu yenye utamu wa sukari guru, mboga tatu, wali, chapati zilizopakwa samli, na bilauri ya maziwa ya mgando yaliyokorogwa na maji na bizari nyembamba, ambayo wenyeji huyaita chaas. Aliyepakua hakuacha kuongeza mpaka nilipofunika sinia kwa kiganja. Maziwa yalikuwamo karibu katika kila kitu, lakini yai halikuwamo popote, kwa sababu hapa yai huhesabiwa upande wa nyama. Kila pakiti ya chakula inayouzwa India lazima iwe na alama: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani ikiwa haina nyama, na alama ya rangi ya kahawia ikiwa ina nyama au yai. Jifunze alama hizo siku ya kwanza, na hutahitaji kumsumbua mwenye duka kwa maswali.

Usiku nilipanda treni iendayo Veraval, behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, nauli isiyofika rupia 300. Bibi aliyekuwa kitanda cha chini aliona sina chakula, akafungua kopo lake na kunipa chapati nyembamba za majani ya uwatu pamoja na achari ya embe. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alielekeza kidole kwenye kopo, kisha akatikisa mkono mbele ya midomo kunihakikishia kwamba hamna vitunguu wala vitunguu saumu. Wakati huo sikuelewa kwa nini lilikuwa jambo la kuhakikishiwa.

Jumatatu, Junagadh na mlima Girnar

Treni ilichelewa saa mbili kwa sababu ya maji relini. Mwenyeji wangu alikuwa ananingoja stesheni chini ya mwavuli. Ni mzee aliyezaliwa Mombasa, akasoma huko mpaka utu uzima, kisha akarudi katika kijiji cha baba yake, na Kiswahili chake bado ni cha mtu wa Makadara. Nilipomsalimu kwa shikamoo aliitikia marahaba kama vile hakuwahi kuondoka.

Kabla ya kijiji alinipeleka kwenye barabara ya Girnar, mahali ambapo nyumba ndogo imejengwa kulifunika jiwe moja kubwa. Juu ya jiwe hilo yamechongwa maagizo 14 ya mfalme Ashoka, wa karne ya 3 kabla ya Kristo, na agizo la kwanza kabisa linahusu nyama. Linakataza kuchinja viumbe kwa ajili ya kafara, halafu linaeleza jambo la nyumbani mwa mfalme mwenyewe: kwamba zamani jikoni mwake walichinjwa wanyama wengi kupita kiasi kila siku, kwamba wakati agizo linaandikwa walikuwa wamebaki watatu tu, yaani tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku, na kwamba hata hao watatu baadaye hawatachinjwa. Nilimwomba mzee aniulizie kwa mlinzi kama ng'ombe ametajwa kwa namna ya pekee katika agizo hilo. Hakutajwa. Ashoka alikuwa mfuasi wa Buddha, na huruma yake ilikuwa kwa kila chenye uhai.

Ng'ombe ana habari yake nyingine. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale kuliko yote wa nyimbo za ibada za Wahindu, ng'ombe anaitwa kwa jina lenye maana ya asiyeuawa. Lakini maandiko ya ibada ya enzi hizo yanataja pia kafara za ng'ombe na mafahali, na wachimbuaji wa mabaki ya kale kaskazini mwa India wamepata mifupa ya ng'ombe yenye alama za visu. Wahindu wengi wanaipinga tafsiri hiyo kwa nguvu, na mzee mwenyewe aliniambia hapendi kuisikia, ingawa hakunizuia kuiandika. Mimi naona haiwapunguzii heshima. Watu waliomtoa kafara mnyama kwa sababu ni mali yao ya thamani kuliko zote, kisha kwa karne nyingi wakafika mahali pa kusema kwamba hagusiki, wamefanya safari ndefu ya dhamiri.

Mchana tulipanda Girnar. Mlima una ngazi za mawe karibu 10,000 mpaka kilele cha mwisho, na tangu 2020 lipo gari la kamba, ila siku hiyo lilisimamishwa kwa upepo, jambo la kawaida msimu wa mvua. Sisi tulikomea kwenye mahekalu ya Wajaini, takriban ngazi ya 4,000, mwendo wa saa tatu kwa magoti yangu. Hekalu kubwa hapo ni la Neminath, mmoja wa walimu 24 wakuu wa Wajaini, na kisa chake nilikisikia nikiwa nimeketi barazani huku maji yakinichuruzika. Neminath alikuwa bwana harusi akiwa juu ya gari, anakwenda kuoa, akasikia vilio vya wanyama waliofungwa zizini. Aliuliza ni vya nini, akaambiwa ni nyama ya karamu yake. Aliamuru wafunguliwe, akavua mapambo yake, akapanda mlima huu na hakuoa tena.

Wajaini si Wahindu, lakini wamekaa Gujarat kama majirani, wafanyabiashara na washauri wa wafalme kwa zaidi ya miaka elfu. Katika karne ya 12 mfalme Kumarapala, kwa kumsikiliza mwanachuoni wa Kijaini Hemachandra, alipiga marufuku uchinjaji katika milki yake. Hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa za Mhindu wa Gujarat kuwa mkali zaidi kuhusu nyama kuliko Mhindu wa Bengal, upande wa mashariki. Tena kwa masimulizi ya Wajaini, Neminath alikuwa binamu yake Krishna, mungu mchunga ng'ombe. Mzee alicheka kwa furaha aliponiambia hivyo: maswali yangu mawili yalikuwa ya ukoo mmoja, kila moja na nyumba yake.

Kwa atakayepanda msimu wa mvua: vaa viatu vinavyoshika jiwe lenye ukungu wa kijani, anza kabla ya mapambazuko, na mkanda au mkoba wa ngozi uuache chini, kwa sababu mahekalu ya Wajaini hayaruhusu ngozi ndani.

Jumanne, kijijini: siku ya ng'ombe na ndama

Jioni iliyotangulia tulifika kijijini kwa chakdo, gari la magurudumu matatu ambalo mbele ni pikipiki na nyuma ni jukwaa la abiria, rupia 30 kwa kila mtu. Nilikuwa nimepanga safari ili niikute siku hii. Ni siku ya nne katika nusu ya giza, yaani mwezi ukiwa unapungua, ya Shravan, mmoja wa miezi ya kalenda ya Wahindu, siku nne kabla ya sikukuu ya kuzaliwa Krishna, na wanawake wa Gujarat huiita Bol Choth.

Mke wa mzee, ambaye nyumba nzima humwita Ba, yaani mama, aliniamsha kukiwa bado giza. Wana ng'ombe wawili wa aina ya Gir, wenye paji la uso lililobenuka na masikio marefu yaliyokunjika kama majani, na nyati maji mmoja wa Jafarabadi, mkubwa mno. Siku nyingine zote kazi huanza kwa ndama. Ng'ombe wa nundu hashushi maziwa kwa kukamuliwa tu. Ni lazima ndama aletwe, anyonye kidogo kila chuchu, kiwele kijae, ndipo avutwe pembeni na kufungwa mbele ya mama yake, ambaye humlamba wakati mkamuaji anaendelea. Wafugaji wa kwetu wanaijua kazi hiyo. Asubuhi ile hakuna aliyeshika ndoo. Ndama aliachwa anyonye mpaka akaridhika.

Kulipokucha wakaja wanawake wa jirani na masinia ya unga mwekundu, maua, uzi wa pamba na taa ya samli. Walimpaka ng'ombe alama nyekundu kwenye paji, wakafanya vivyo hivyo kwa ndama, wakawalisha mawele yaliyolowekwa, wakawazunguka kwa taa, kisha wakaketi chini kumsikiliza Ba akisimulia kisa ambacho husimuliwa kila mwaka. Mzee alinitafsiria. Mama mkwe alikwenda mtoni na kumwagiza mkwewe apike ngano. Nyumbani palikuwa na ndama ambaye jina lake lilifanana na jina la ngano kwa Kigujarati, na yule binti, mgeni wa nyumba na mwoga wa kuuliza, akamchinja ndama na kumpika. Mama mkwe aliporudi walilia, wakakizika chungu jalalani, wakajifungia ndani kwa aibu. Ng'ombe aliporudi malishoni hakumwona mwanawe, akaenda moja kwa moja jalalani, akakivunja chungu kwa pembe, na ndama akatoka mzima na kuanza kunyonya.

Kwa ajili ya kisa hicho, siku ya Bol Choth hawali ngano, hawashiki kisu na hawanywi maziwa ya ng'ombe. Tulikula mikate minene ya mawele na choroko zilizochemshwa nzima, kwa kuwa hazihitaji kukatwa.

Nilimuuliza Ba, kupitia mzee, kwa nini ng'ombe ni mama. Jibu lake nimelinakili kama lilivyotafsiriwa: "Mama yangu alininyonyesha miaka miwili. Huyu ananinyonyesha mpaka nitakapokufa, na kila siku anakubali nimpunguzie mwanawe. Utamfanyia nini mtu kama huyo akizeeka?" Nilielewa wakati huo kwamba heshima ile si ya mnyama mwenye nguvu wala wa ajabu. Ni heshima ya deni. Ndama hucheleweshwa kila alfajiri ili mtoto wa binadamu apate maziwa, na siku moja ya mwaka kijiji kizima kinakiri hadharani nani alikuwa na haki ya kwanza.

Wako wataalamu wanaosema ng'ombe alilindwa kwa sababu ya faida zake tu: maziwa, maksai wa kulima, samadi ya kupikia na kupaka sakafu. Faida hizo ni za kweli, na mkulima anayemchinja ng'ombe wakati wa ukame hana wa kumvutia jembe mvua ikirudi. Lakini pale zizini alikuwepo nyati maji, ambaye anatoa maziwa mengi na yenye mafuta zaidi, na samli nyingi ya nyumba hiyo ni yake. Hakupakwa rangi, hakuvishwa uzi. Sheria ya Gujarat, ambayo tangu 2017 inaweza kumfunga maisha mtu anayemchinja ng'ombe, haimpi nyati ulinzi huo, na India ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nyama nyingi zaidi ya nyati. Faida peke yake haielezi tofauti hiyo. Krishna anaieleza, kwa kuwa alilelewa kati ya ng'ombe, akaitwa mlinzi wao, na alipouinua mlima Govardhan kama mwavuli dhidi ya mvua ya mungu Indra aliwakinga watu na mifugo pamoja. Anayempenda mtoto huyo hawezi kuwadharau waliomlea.

Usiku niliketi na Ba jikoni, na hapo swali la pili likapata jibu lake. Nyumbani mwao kuna sanamu ndogo ya shaba ya Krishna akiwa mtoto mchanga, ambaye huamshwa, huogeshwa, huvishwa na kulishwa kila siku. Kila kinachopikwa hutangulizwa kwake katika vyombo vidogo, na mpishi haonji kabla. Kikishatengwa mbele yake huwa prasadi, yaani neema, na hicho ndicho familia inachokula. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, Krishna anataja anachopokea akipewa kwa upendo: jani, ua, tunda, maji. Kwa hiyo Ba hajiulizi kila mara kama nyama ni halali. Anajiuliza kama kitu hicho kinaweza kuwekwa mbele ya mtoto yule, na nyama, samaki na mayai haviwezi, wala vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo huaminika kuuchafua utulivu wa moyo. Ndipo nilipoyaelewa maneno ya mkono ya bibi wa kwenye treni.

Mzee aliongeza sababu ya vitabuni. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Wahindu, ambazo sehemu nyingine zinaruhusu nyama ya kafara, zinasema pia kwamba anayeruhusu, anayechinja, anayekata, anayenunua, anayeuza, anayepika, anayepakua na anayekula wote ni wauaji. Na kwa kuwa Wahindu huamini roho hupita mwili hata mwili, na kila tendo humrudia mtendaji, kuwa mbali na kisu hakumwondolei mlaji sehemu yake. Lakini kitabu hichohicho kinasema kula nyama si dhambi yenyewe, ila kujizuia kuna thawabu kubwa. Mzee aliona mlango huo umeachwa wazi kwa makusudi, na kesho yake niliwaona waliopitia.

Jumatano, Veraval na Somnath

Basi la serikali kutoka Junagadh huchukua saa mbili na nusu hadi Veraval. Letu lilichukua nne, kwa ajili ya mashimo ya barabara na kundi la ng'ombe waliolala katikati ya lami bila mtu kuwapigia honi kwa hasira. Nauli ilikuwa chini ya rupia 120.

Veraval ni bandari ya uvuvi, na harufu yake hukupokea kabla ya mji. Msimu wa kupumzisha bahari ulikuwa haujaisha, kwa hiyo boti zilikuwa zimesongamana gatini, bendera zikipepea, na mafundi wakigongomea mbao za vyombo vipya kwa namna ambayo mtu wa Lamu angeitambua. Wavuvi wengi hapa ni wa jamii ya Kharva, Wahindu kamili, wenye mahekalu na mifungo yao, na chakula chao ni samaki. Mmoja aliyekuwa akirekebisha nyavu alituita tukae kivulini na kutuagizia chai, akakataa tulipotaka kulipa. Nilimuuliza kama kula samaki kunamfanya Mhindu wa daraja la chini. Alisema bahari ndiyo shamba lake, na mungu aliyempa shamba hilo anajua linazaa nini. Mwezi wa Shravan hali samaki kabisa, na mbuzi humla kwa nadra. Nilipomtajia nyama ya ng'ombe aliacha sindano ya nyavu na kuweka kiganja kifuani, na mzee hakuona haja ya kutafsiri.

Mtu huyo mmoja anatosha kutenganisha maswali yangu mawili. Wahindu wanaokula nyama ni wengi: katika uchunguzi mkubwa wa kituo cha Pew uliotangazwa 2021, asilimia 44 tu ya Wahindu wa India walijitaja kuwa hawali nyama kabisa. Wabrahmani wa Bengal, watu wa tabaka la makuhani, hula samaki, Warajputi wa hapahapa Saurashtra, wa tabaka la wapiganaji, hula mbuzi, na katika mahekalu ya mungu wa kike Kali mbuzi hutolewa kafara. Karibu wote hao humwacha ng'ombe. Kutokula nyama ni nidhamu ambayo ukoo, tabaka, mwezi au nadhiri humwekea mtu. Kumwacha ng'ombe ni mpaka ambao kwa wengi wao ndio unaoonyesha nani ni Mhindu. Kuna wanaouvuka, hasa Kerala na kaskazini-mashariki, ambako majimbo kadhaa hayakatazi uchinjaji, lakini ni wachache.

Njiani kuelekea hekalu la Somnath tulisimama Bhalka, mahali ambapo inasemwa Krishna alipumzika chini ya mti na mwindaji akalenga unyayo wake akidhani ni paa. Sanamu inamwonyesha akiwa ameketi, na mwindaji amepiga magoti mbele yake akiomba radhi. Somnath penyewe simu na kamera huachwa nje, kwa hiyo panga na wenzako mahali pa kukutana kabla ya kuingia, na epuka Jumatatu za Shravan, ambazo umati wake ni mkubwa mno.

Alhamisi na Ijumaa, Rajkot

Barabara ya kwenda Rajkot haina la kusimulia zaidi ya mvua. Vyumba vilikuwa vimejaa kwa ajili ya tamasha kubwa la kuzaliwa Krishna, na nililipa rupia 1,400 kwa chumba ambacho wiki nyingine ni nusu yake. Weka nafasi mapema ikiwa utakuja majira haya.

Hapa ndipo alipokulia Gandhi, na nyumba ya baba yake iko wazi kwa wageni. Nilitaka kuiona kwa sababu alipokuwa mwanafunzi katika mji huu Gandhi alikula nyama ya mbuzi kwa siri, akishawishiwa na rafiki aliyemwambia kwamba Waingereza wanatawala kwa sababu wanakula nyama. Usiku ule, aliandika baadaye, alihisi kama mbuzi analia tumboni mwake. Mwaka 1888, kabla ya kwenda London, mama yake alimtaka nadhiri ya kutogusa nyama, na aliyesimamia kiapo alikuwa mtawa wa Kijaini. London alishinda njaa kwa ajili ya kiapo hicho mpaka alipopata mkahawa usio na nyama, na humo akanunua kitabu kilichomfanya akubali kwa hiari jambo ambalo awali alilibeba kwa ajili ya mama tu. Hatua hizo mbili, kwanza uaminifu kwa nyumba na baadaye usadikisho wa nafsi, nilizisikia kwa vijana kadhaa niliozungumza nao mjini.

Ijumaa tulikwenda panjrapol, makazi ya mifugo isiyo na kazi, ambayo miji mingi ya Gujarat inayo na ambayo hulishwa kwa michango ya wafanyabiashara, Wahindu na Wajaini. Hapo ndipo heshima hupimwa kwa gharama. Ng'ombe anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, lakini maziwa yake hukauka mapema zaidi. Dume zamani alivuta jembe. Sasa trekta linalima, na hana wa kumtaka. Mkulima asiyeruhusiwa kumuuza kwa mchinjaji, na asiyeweza kumlisha, humfungua usiku akamwacha barabarani. Wale waliolala kwenye lami siku ya Jumatano, wengi wao si watakatifu waliopumzika, ni walioachwa.

Daktari wa mifugo alituonyesha ng'ombe mwekundu aliyeletwa kutoka sokoni. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, hacheui, kinyesi kidogo na kigumu, na mbavu zahesabika ingawa alikuwa akila. Alinishika mkono na kuubonyeza ubavuni: badala ya kurudi kama mpira, ngozi ilibaki na shimo kama unga uliokandwa. Ni plastiki. Ng'ombe huzoa chakula kwa ulimi na hachagui kwa meno, na mtu akifunga maganda ya mboga katika mfuko na kuutupa, ng'ombe humeza vyote. Mfuko haupiti wala hausagiki. Hukaa katika tumbo la kwanza na kukusanya mingine. Dawa ni upasuaji: mnyama husimama, hupigwa sindano ya ganzi, ubavu hupasuliwa na uchafu hutolewa kwa mikono, wakati mwingine kilo 30 na kuzidi. Alisema mama wa nyumbani anayetenga chapati ya kwanza kwa ajili ya ng'ombe kila asubuhi ndiye huyohuyo anayeutupa mfuko jioni, na kwamba yeye hutumia muda mwingi kuwaambia watu hao kuliko kupasua.

Nilimuuliza pia nini hufuata ng'ombe akifa. Zamani tumbusi walimaliza mzoga kwa saa chache. Kisha dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyodungwa ng'ombe wagonjwa, iliwaua tumbusi waliokula mizoga hiyo mpaka karibu watoweke, na serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ngozi huchunwa na Wadaliti, kazi waliyobebeshwa na tabaka kwa vizazi na ambayo huwafanya waitwe najisi. Julai 2016, huko Una, wilaya ileile ya Somnath, Wadaliti waliokuwa wakichuna ng'ombe aliyekwisha kufa walivuliwa mashati na kuchapwa fimbo hadharani na watu waliojiita walinzi wa ng'ombe. Mahali pengine Waislamu wameuawa kwa kushukiwa tu. Siwezi kuandika juu ya deni la maziwa nikaliacha hilo. Mzee, ambaye hajawahi kuonja nyama maishani mwake, aliliongelea kwa hasira kuliko mimi, akakumbusha kwamba Gandhi aliandika mwaka 1909 kuwa atamsihi Mwislamu amwache ng'ombe, na asiposikia atamwacha ng'ombe afe, kwa kuwa hana ruhusa ya kumuua mtu ili kumwokoa mnyama.

Jumamosi, Rajkot na kuondoka

Mji mzima ulikuwa barabarani kwa kuzaliwa Krishna, vijana wakipandiana mabegani kuvunja vyungu vya maziwa ya mgando vilivyotundikwa juu. Teksi hazikupatikana, na mwenye duka la vitambaa alifunga duka lake ili anipeleke stesheni kwa skuta, akakataa hata pesa ya petroli.

Kwa atakayealikwa katika nyumba kama ya Ba, haya niliyaandika ndani ya treni. Usipeleke zawadi ya ngozi, wala keki au chokoleti kabla ya kutazama alama ya kijani; peremende zenye jelatini pia haziliwi. Usiingie jikoni kabla ya kuitwa, na usionje chochote kilicho jikoni hata ukiombwa na watoto. Ukiulizwa kama unakula ng'ombe kwenu, jibu ukweli kwa upole, kama nilivyojibu mimi; Ba alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ng'ombe wa kwetu nao hukataa kushusha maziwa bila ndama, na tukaendelea na mazungumzo hayo mpaka usiku wa manane. Na ukitaka kuchangia panjrapol, usilete mkate wala wali wa sherehe, ambao huchacha tumboni mwa ng'ombe na unaweza kumuua. Nunua majani mabichi kwa wauzaji walioko langoni, mzigo mmoja kwa rupia 50 au zaidi kidogo, na ufungue kamba ya plastiki kabla ya kuuweka horini.